Usingizi Niliosemewa na Ami

Watu wa mji wetu hawakosi jibu. Ukiwauliza jambo wasilolijua watakujibu upesi kuliko lile wanalolijua, na tena kwa kiapo. Nimeishi Bagamoyo karibu umri wangu wote na sijapata kumsikia mtu wa makamo akisema barazani, mbele za wenzake, maneno mawili mepesi: "Sina hakika." Niliyasikia mara moja tu, kwa daktari, na yalitamkwa Dar es Salaam. Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza kwa ami yangu.

Nilikuwa mwalimu kijana katika miaka ya sitini. Shule yangu ya kwanza ilikuwa Mkange, kaskazini, kwenye njia ya kwendea Saadani, na huko ndiko usingizi ulikoanza. Sisemi uchovu. Uchovu naujua, na kila aliyefanya kazi anaujua. Huu ulikuwa kitu kingine. Nililala usiku kucha kama watu wote, nikaamka, nikaswali, nikaoga maji baridi, na kabla jua halijapanda juu ya mikorosho kichwa kilijaa uzito kama wa mtu aliyekesha. Kisha, pasipo dalili, ulinichukua. Ulinichukua nikiwa naongea. Ulinichukua na tonge mkononi. Siku moja niligeukia ubao kuandika sentensi ya sarufi, nikasikia darasa zima likicheka. Nilipotazama, nusu ya kwanza ya mstari ilikuwa hati yangu nzuri, na nusu ya pili ilikuwa mikwaruzo ikiteremka ubaoni kama njia ya konokono. Mkono ulikuwa umeendelea kuandika, mwenyewe nimelala nimesimama.

Mkange kuna mbung'o. Kwa hiyo wenyeji walisema ni malale, na sikuwalaumu, kwa kuwa angalau dhana yao ilikuwa na mdudu wa kuonyeshwa. Nikaomba uhamisho, nikarudishwa mjini kwetu. Katika zahanati nilitolewa damu, ikatazamwa kwa hadubini, mara ya kwanza na mara ya pili, na vijidudu havikuonekana. Tezi za shingo hazikuvimba, homa sikuwa nayo. Tabibu akasema si malale. Hapo mji ukaanza kutoa majibu yake mengine. Jirani mmoja alisema navuta bangi. Mwingine alisema nimeolewa na jini wa kike, hivyo nalala mchana kwa kuwa usiku sina nafasi. Huyo wa pili alicheka sana kwa werevu wake.

La jini lilimtia mama hofu, kwa sababu kulikuwa na jambo nililomweleza na nisingalimweleza laiti ningalijua litatumiwa vipi. Nilipojilaza baada ya chakula cha mchana, mara nyingi niliota kabla sijalala sawasawa. Niliona mtu amesimama mlangoni, na mlango wenyewe niliuona, na mkeka, na mwanga wa dirishani. Kisha nilitaka kuinuka, na mwili ukakataa. Macho yalitembea, kidole hakikutembea. Sisi huita jinamizi, na kila mtu amepata kukabwa nalo mara moja au mbili maishani. Mimi lilinijia mara kadhaa katika juma. Mama alikuwa akinisomea Ayatul Kursiyyu, ameniwekea kiganja kifuani, na kweli baada ya kitambo viungo vililegea. Viungo hulegea hata asiposoma mtu. Hilo sikumwambia.

Nikiwa katika hali hiyo nilikuwa nimeposa. Mchumba alikuwa binti wa ami yangu, mdogo wa marehemu baba. Ami alikuwa mfanyabiashara wa mbata, yaani nazi zilizokaushwa, mtu wa heshima, mwenye duka la milango miwili, na ndiye aliyesimama mahali pa baba yangu tangu nilipofiwa. Yule binti tulikua pamoja. Alikuwa mcheshi, na aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote, hata ya baba yake. Kwa kweli ni mbele yake nilipohisi kwa mara ya kwanza magoti yakinilegea kwa kicheko, nikadhani ni mapenzi. Posa ilikuwa imekubaliwa, harusi ilingojea mfungo upite.

Kabla ya mfungo bibi yetu, mama yake ami, alifariki dunia. Wasiojua desturi zetu wafahamu kwamba sisi tuna watani: Wanyamwezi, walioteremka zamani na misafara ya pwani, wengine wakalowea hapa hapa. Katika msiba wetu mtani ana kazi. Huchimba kaburi, hubeba maji, na huwakejeli wafiwa waziwazi ili huzuni isiwavunje. Hakasirikiwi. Anayemkasirikia mtani ndiye mwenye aibu.

Mtani wetu alikuwa mzee mfupi, mchukuzi wa forodhani, na ulimi wake ulijulikana mtaa mzima. Siku ya hitima, watu wamekwisha kula, alitoka uani amejitanda kanga ya marehemu, mkononi ameshika mbuzi ya kukunia nazi. Akaikalia katikati ya baraza na kuanza kulalama kwa sauti ya bibi, ambaye, Mungu amrehemu, alikuwa mgumu wa mkono.

"Mnanililia nini? Nazi zangu mmezihesabu?"

"Tumezihesabu, bibi," walimwitikia.

"Mwongo wewe!" Akamgeukia ami. "Mbata unauza wewe, nazi unakopa kwangu! Nimefika huko malaika wananiuliza, Mola wako nani, nikawaambia subirini kwanza, mwanangu mwenye duka anatoka na dafu langu kwa mlango wa nyuma!"

Baraza lilipasuka. Ami mwenyewe alicheka, kofia mkononi. Nami nikacheka, na kicheko kilikuwa hakijamaliza kutoka pale taya liliponianguka. Shingo ikafuata. Magoti yakafunguka kama fundo la kamba, nikateremka ukutani mpaka chini, ubavu juu ya sakafu, shavu kwenye viatu vya watu.

Nataka hili lieleweke vizuri, kwa maana hadi leo wapo wanaolisimulia kinyume. Sikuzimia. Sikutikisika, sikutoa povu, sikujiuma ulimi, sikujikojolea. Nilikuwa macho kuliko mtu yeyote barazani. Nilichokosa ni mwili tu.

"Kaanguka!"

"Msimguse! Mate yake yasimpate mtu!" Hiyo ilikuwa sauti ya ami.

"Mnusisheni kiatu."

"Kipi?"

"Chochote, cha ngozi!"

Nikanusishwa kiatu. Nilikitambua: cha jirani wa bangi. Nikamsikia ami akisema polepole, kwa mtu aliyesimama karibu naye: "Kifafa. Alhamdulillahi limetokea kabla ya ndoa."

Haikupita dakika, mwili ukarudi. Nikaketi, nikasema, "Ami, sikuzimia. Nimekusikia yote."

"Wote wenye maradhi haya husema hivyo, mwanangu," alinijibu, bila hasira.

Si kweli. Aangukaye kwa kifafa cha mwili mzima halisikii baraza likisema nini, wala hawezi kumtajia mtu kiatu chake. Lakini nani angalimwambia ami, siku ya hitima ya mama yake?

Siku chache baadaye alinipeleka zahanati mwenyewe. Hapa ndipo palipo na kosa ambalo nadhani ni letu hasa, sisi watu wa mji huu tunaojisifu kwa adabu. Kwetu mgonjwa akiongozana na mkubwa wake, mkubwa ndiye anayesema. Kijana hukaa, mikono mapajani, akisemewa maradhi yake kama anavyosemewa posa. Tabibu naye ni wa humu humu. Angaliona haya kumpita mzee na kumwuliza kijana.

"Shikamoo, mzee," alisema tabibu.

"Marahaba. Nimekuletea mwanangu. Ana kifafa."

"Huanguka?"

"Kaanguka mbele ya watu."

"Hupoteza fahamu?"

"Kabisa. Na mchana kutwa hulala. Si ndiyo hivyo?" Hilo la mwisho ami alinigeukia mimi, na lilikuwa na namna moja tu ya kujibiwa.

"Bwana tabibu," nilisema, "fahamu sizipotezi."

Tabibu alimtazama ami. Ami alitabasamu kwa huruma, kama mtu aliyekwisha kumwonya mwenzake kwamba mgonjwa atakana. Nikaandikiwa fenobabitoni, asubuhi na jioni.

Fenobabitoni ni dawa njema kwa mwenye kifafa, na sitaki mtu asome haya akaitupa. Lakini ni dawa ya kupoza ubongo, na ubongo wangu haukuhitaji kupozwa. Kama usingizi wa kwanza ulikuwa mvua, huu ukawa mafuriko. Mkaguzi wa shule alikuja darasani kwangu nikiwa nafundisha mito ya Tanganyika. Alinikuta paji la uso juu ya meza, fimbo ya ramani ingali mkononi, na watoto wamenyamaza kwa heshima au kwa hofu. Mwalimu mkuu, aliyekuwa mtu wa haki kadiri ya uwezo wake, aliniondoa darasani, akaniweka kwenye ghala la vitabu. Alisema ni kwa muda.

Wiki ile ile ami aliirudisha posa. Walikuja akina mama wawili na sinia, na juu yake kanga tulizopeleka, udi, na mafuta ya karafuu, vyote havijaguswa. Mama alilipokea sinia, akawakaribisha kahawa, wakanywa, wakazungumza habari za mvua. Hakuna aliyetaja jina la binti. Yeye hakuulizwa, kama mimi nisivyoulizwa.

Mwalimu mkuu ndiye aliyenipa ushauri wa maana. "Nenda Dar es Salaam," alisema, "hospitali kubwa, kwa daktari wa maradhi ya neva. Uende na mtu, usiende peke yako, utalala, wakuibie." Nikaenda na mama. Nililala kutoka Kerege mpaka mjini, hilo nalikiri.

Daktari alikuwa kijana kuliko nilivyotazamia, amerudi masomoni ng'ambo si muda mrefu. Mama, kwa adabu ile ile, akaanza: "Mwanangu huyu, baba, ana kifafa..."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Niwie radhi. Utanisaidia baadaye, nina swali langu kwako. Sasa nataka kumsikia yeye."

Katika mambo yote niliyofanyiwa miaka ile, hilo ndilo lililokaribia kunitoa machozi. Akaniuliza. Usiku nalala saa ngapi, naamka saa ngapi? Nikilala kidogo mchana naamka nimeburudika? Nikamwambia ndiyo, kwa kitambo kidogo, kisha usingizi hurudi. Naota mara tu nifumbapo macho? Nimepata kuamka nisiweze kusogea? Kisha akaweka kalamu chini.

"Siku ile ulipoanguka, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nacheka."

"Na kabla ya hapo, magoti yamepata kulegea?"

"Nikicheka. Na mara moja nilipokasirika sana."

"Ulisikia watu wakisemaje?"

Nikamweleza yote, mpaka kiatu. Alicheka, akajizuia, akaniomba radhi.

"Mama," alisema, "usiku anakoroma? Pumzi humkatika, akashtuka kama anayezama?"

"Hata. Hulala kama kitoto, ila hugeukageuka na kuamka."

"Nauliza kwa sababu kuna watu ambao pumzi hukatika usingizini usiku kucha, na mchana hulala kama huyu. Kwake sioni hivyo." Akanigeukia. "Bwana, nadhani una kitu kiitwacho narkolepsi. Ubongo wako hauilindi mipaka. Usingizi waingia mchana, na ndoto huingia kabla ya zamu yake. Mtu anapoota mwili hulegezwa, asije akaruka kitandani. Kwako kulegea huko hutoroka ndotoni kukakujia wewe uko macho, ukicheka. Si kifafa. Si wazimu, wala si uvivu. Lakini sina hakika."

"Hakika hupatikanaje?"

"Huko nilikosomea vipo vyumba vya kumpimia mtu usingizi. Humbandika nyaya kichwani, kando ya macho na chini ya kidevu, akalala usiku mzima, mashine ikichora. Kesho yake humlaza tena mchana, waone anakawia kiasi gani kusinzia na anaingia ndotoni upesi vipi. Mtu wa kawaida hulala zaidi ya saa nzima kabla hajaota. Wewe, naamini, ungeota mara moja. Hapa hatuna."

"Na huko, nani hupelekwa?"

"Mtu anayelala usiku wa kutosha, na bado kwa miezi usingizi humshinda mchana: kazini, akila, akiendesha gari. Wa kukoroma na kukatika pumzi naye. Na anayelegea viungo akicheka, huyo asingojee hata kidogo. Kwanza lakini huulizwa kama usiku analala kweli, na dawa gani anakunywa." Akaitazama chupa yangu. "Hii nani kakupa?"

Alinipunguzia fenobabitoni kidogo kidogo, wiki kwa wiki, akinionya nisiiache ghafla, kwani mwili uliozoea ukinyimwa mara moja huweza kupatwa na degedege la kweli. Akanipa vidonge vya imipramini, dawa wanayopewa wenye huzuni kubwa, kwa dozi ndogo, kwa ajili ya kule kuanguka. Dawa ya kuchangamsha ubongo alisema nitaipata ikiwapo, na mara nyingi haikuwapo. Alinikataza baiskeli na kupanda ngazi ndefu, na nisiogelee tena peke yangu kule Mbegani. Na akaniagiza nilale kwa makusudi, kitambo kifupi, mara mbili mchana, kabla usingizi haujanichagulia mahali.

Nilirudi nikiwa na kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho: maelezo. Nikaenda dukani kwa ami. Alikuwa ameketi kati ya magunia, harufu ya mbata imejaa. Mtani wetu naye alikuwapo, ameshusha mzigo.

"Shikamoo ami."

"Marahaba, mwanangu. Daktari kasemaje?"

"Kasema si kifafa. Ni narkolepsi."

"Ni nini?"

"Narkolepsi."

"Hata kulitamka ni ugonjwa," alisema mtani.

Ami hakucheka. Nilimweleza yote, kwa utaratibu, kama ninavyofundisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sitasema uongo juu yake. Kisha akauliza: "Ana hakika?"

Ningaliweza kusema ndiyo. Neno moja, na katika mji huu hakuna ambaye angaliliona kubwa wala baya. "Amesema anadhani," nilijibu. "Kipimo cha kuthibitisha hakipo nchini."

"Basi sikiliza. Kifafa nakijua, wazee wamekitaja. Hiki chako hakuna hata mtu mmoja aliyepata kufa nacho mjini hapa. Daktari mwenyewe hana hakika. Nami nimpe binti kwa kudhani?" Akasogeza gunia. "Tena nimekwisha kumpa. Pangani. Watu wa biashara."

Niliondoka. Sikulegea magoti, hasira yangu ilikuwa imepita kiwango hicho, au pengine vidonge vilikuwa vimeanza kazi.

Nilirudishwa darasani baada ya miezi. Mwalimu mkuu aliniruhusu kulala kidogo ghalani wakati wa mapumziko, na wanafunzi walijifunza kwamba mwalimu akiwa ghalani haamshwi. Nilifundisha hivyo mpaka nikastaafu. Nilipokuwa mzee tayari, na mambo yamebadilika, nililazwa katika chumba cha namna ile alichokisimulia daktari, mbali na hapa, nyaya kichwani na kidevuni. Mashine ikachora alichokuwa amekidhani kwa kuuliza maswali tu. Ami alikuwa amekwisha kufa. Sikuwa na mtu wa kumpelekea majibu. Anayesoma haya, kama mwanawe analala darasani, mezani, barabarani, na usiku hulala vya kutosha, amwulize mtoto mwenyewe, kisha aombe kipimo hicho. Siku hizi walau kinaombeka.

Lakini vidonge havikuwa vikipatikana siku zote, hasa miaka ya sabini, duka la dawa likiwa na rafu tupu. Nikajifunza dawa nyingine. Niliacha kucheka. Si jambo gumu kama mnavyofikiri. Unaona mzaha unakuja, unauangalia kama mtu anavyoangalia wimbi, unauma meno, unafikiri juu ya kitu kingine, unapita. Ukifanya hivyo miaka mitatu uso hukaa wenyewe. Wanafunzi wangu waliniita kwa jina la ukali ambalo watoto wao wanalirithi mpaka leo. Walisema nimezaliwa hivyo. Mji haukosi jibu.

Mama alifariki katikati ya miaka hiyo. Tulizika alasiri, na waliobeba jeneza walipokezana, mmoja wao akiwa mume wa binti ami yangu, aliyekuja naye kutoka Pangani. Alinipa mkono, akasema pole, mtu mzuri. Kutoka uani nilisikia sauti ya mwanamke ikimwiga marehemu mama, namna alivyokuwa akiita watu kahawa, na wanawake wakacheka na kulia pamoja. Nilijua ni nani.

Mtani wetu, amezeeka, alifika na kazi yake. Akamkejeli kila mfiwa kwa zamu: ami, nikiwa nimeketi ubavuni pake, alivuliwa kofia na kuulizwa kama na hiyo aliikopa kwa marehemu. Watu walivunjika mbavu. Kisha akaja mbele yangu, mwana wa pekee, ambaye kwa desturi ndiye anayestahili kejeli iliyo kubwa kuliko zote.

Alifungua kinywa. Akayatazama magoti yangu. Akakifunga, akanipigapiga begani kama apigwavyo mgeni, akanipita, mimi mwana wa marehemu, na kumwendea aliyefuata.